Dokezo la kuomba nyongeza ya bajeti ya mitandao ya kijamii: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa maafisa masoko wanaotakiwa kumwandikia mkurugenzi dokezo la kuomba fedha zaidi za matangazo ya Facebook, Instagram na WhatsApp. Maswali yamepangwa kwa namna ambayo kazi yenyewe huenda, kuanzia kukusanya ushahidi hadi siku dokezo linapofika mezani. Kote tutatumia mfano mmoja: kampuni ya magodoro na vitanda yenye matawi Dar es Salaam, Mwanza na Dodoma, inayotumia Sh 2,000,000 kwa mwezi kwenye matangazo ya kulipia. Kampuni hiyo ni ya kubuni na hesabu zake ni za kuonyesha njia tu. Weka za kwenu.

Mkurugenzi anataka kuona nini hasa kwenye dokezo la namna hii?

Anataka kujua kitu kimoja: akiongeza shilingi, atapata mteja ambaye asingempata bila shilingi hiyo? Na mteja huyo atamgharimu kiasi gani? Madokezo mengi hukataliwa kwa sababu yanajibu swali lingine. Yanasema wafuasi wameongezeka, posti ya Idd imependwa sana, au washindani wanatangaza kuliko sisi. Yote yanaweza kuwa kweli, lakini hakuna hata moja linalomsaidia kuweka saini.

La washindani ndilo hupendwa zaidi na ndilo dhaifu zaidi. Hujui wanatumia kiasi gani, na hata ungejua, hujui kama wanapata faida. Kwenye Ad Library ya Meta unaweza kuona matangazo yao yanayoendelea, na hilo lina msaada unapotafuta mawazo ya picha na bei. Lakini kuwepo kwa tangazo kunathibitisha jambo moja tu: kuna mtu amelilipia.

Kwa nini nisichukue takwimu za Ads Manager nikazibandika kama zilivyo?

Kwa sababu mbili. Ya kwanza, inayokuuzia tangazo ndiyo hiyo hiyo inayokuhesabia mafanikio yake. Si lazima iwe na nia mbaya. Kosa dogo la kanuni linatosha. Septemba 2016 Facebook ilikiri kwamba kwa takriban miaka miwili ilikuwa ikiwaonyesha watangazaji wastani wa muda wa kutazama video uliokuzwa, kwa kuwa iliwaacha nje ya hesabu watu waliotazama chini ya sekunde 3. Mkurugenzi aliyewahi kusikia habari hiyo hatashtushwa na skrinshoti yako.

Ya pili ni kubwa zaidi. Ukitangaza ili watu waje kuchati WhatsApp, kinachohesabiwa kama matokeo ni mazungumzo yaliyoanzishwa. Mteja wa zamani aliyekaa kimya kwa siku 7 au zaidi, akirudi kupitia tangazo kuuliza kama fundi wake amefika, naye anaweza kuingia kwenye hesabu hiyo. Kwa wanaouza kupitia tovuti, mpangilio wa kawaida wa Meta unahesabu ununuzi uliofanyika ndani ya siku 7 baada ya mtu kubofya tangazo, au siku 1 baada ya kuliona tu bila kubofya. Mtu aliyeshaamua kununua tangu wiki iliyopita, tangazo likampita kwenye simu asubuhi, akanunua jioni, atasomeka kama zao la tangazo.

Kwa hiyo takwimu za Ads Manager ziwemo, lakini kama hatua ya kwanza ya hesabu. Fedha zilizotoka na mazungumzo yaliyoanza, basi. Kuanzia hapo, kila namba itoke kwenye vitabu vyenu wenyewe.

Nitaunganishaje mazungumzo ya WhatsApp na mauzo yaliyo kwenye vitabu?

Tumia lebo za WhatsApp Business. Mtu akiingia kupitia tangazo, tangazo lenyewe huonekana juu ya ujumbe wake wa kwanza, kwa hiyo mpokeaji anajua ametokea wapi. Ampe lebo ya tawi papo hapo, kwa mfano "Tangazo Mwanza". Akilipa, aongezewe lebo ya "Amelipa", na namba ya risiti ya EFD iandikwe kwenye daftari au jedwali pembeni ya namba yake ya simu. Kila Jumamosi mhasibu anachukua risiti tano bila kuchagua na kuzifuatilia hadi kwenye chati. Kazi hii ni ya dakika chache, na ndiyo itakayomfanya mhasibu aseme "hizi namba nazijua" siku mtakapokuwa mbele ya mkurugenzi.

Swali la dukani la "umetujuaje?" lisitegemewe sana. Watu husahau, au hujibu kitu cha kwanza kinachowajia. Mteja aliyeona tangazo mara nane, kisha akapita mbele ya bango lenu siku ya mwisho, atakwambia aliona bango.

Katika mfano wetu, lebo zinaonyesha kwamba Sh 2,000,000 za mwezi zilileta mazungumzo 400, na wanunuzi 50 kati ya hao. Wastani ni Sh 40,000 kwa mnunuzi.

Basi si ninayo hesabu tayari? Sh 40,000 kwa mnunuzi, niombe mara mbili nipate mara mbili.

Hapo ndipo maafisa wengi hunaswa, na mhasibu makini atakunasa mapema. Kuna mambo mawili yamejificha ndani ya hiyo Sh 40,000.

Moja, baadhi ya hao 50 wangenunua hata bila tangazo. Walikuwa wanawafahamu tayari na tangazo likawa mlango uliokuwa karibu. Mfano maarufu ni wa eBay, soko la mtandaoni la Marekani. Walizima matangazo yao ya kulipia yaliyokuwa yakitokea kila mtu alipoandika jina "eBay" kwenye mtandao wa kutafutia, kisha wakaona kwamba karibu wageni wote waliokuwa wakilipiwa waliendelea kuingia bure kupitia viungo vya kawaida. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2015 kwenye jarida la Econometrica. Matangazo hayo yalikuwa ya kutafutia, si ya mitandao ya kijamii, na eBay ni jina ambalo kila mtu huko alilijua. Duka la magodoro halitaona upotevu wa kiwango hicho. Lakini swali walilojiuliza ndilo atakalokuuliza mkurugenzi.

Pili, wastani si bei ya mteja anayefuata. Shilingi za mwanzo huwapata waliokuwa tayari kununua, kwa sababu mfumo wa Meta umeundwa kuwatafuta hao kwanza. Unavyoongeza fedha, unawafikia wasio na haraka, na bei ya kumpata kila mmoja inapanda. Kwa hiyo hesabu unayoihitaji ni bei ya mteja wa nyongeza, na hiyo haipatikani kwa kugawanya. Inapatikana kwa jaribio.

Jaribio lenyewe linafanywaje?

Chukua tawi moja uliongezee fedha, tawi jingine liache kama lilivyo, kisha ulinganishe mauzo yote ya matawi hayo mawili. Nasema mauzo yote, si yale yaliyopitia WhatsApp pekee. Tangazo likimfanya mtu apande daladala aje dukani bila kuandika ujumbe, mauzo hayo nayo ni yako, na ukihesabu chati tu utayapoteza.

Kampuni yetu iliongeza Sh 600,000 Mwanza kwa wiki nne. Dodoma haikuguswa. Idadi ya wateja walionunua ilikuwa hivi: Mwanza, wiki nne za kabla 60, wiki nne za jaribio 78. Dodoma, kabla 50, wakati wa jaribio 55.

Afisa mwenye haraka ataandika "tumepata wateja 18 wa nyongeza". Sivyo. Dodoma nayo ilipanda kwa asilimia 10 bila kuongezewa kitu, maana yake soko lenyewe lilikuwa limechangamka. Mwanza ingepanda hivyo hivyo ingekuwa imefika 66. Waliotokana na fedha zilizoongezwa ni tofauti kati ya 78 na 66.

```
nyongeza = mauzo mapya − (mauzo ya awali × badiliko la tawi lisiloguswa)
78 − (60 × 55/50) = 78 − 66 = 12
600,000 / 12 = Sh 50,000 kwa mteja wa nyongeza
```

Sh 50,000 ni kubwa kuliko wastani wa Sh 40,000, kama ilivyotarajiwa, na ni kubwa zaidi kuliko Sh 33,000 na ushee ambayo ungeipata kwa kudai wateja wote 18. Iandike hiyo ya 50,000. Dai dogo lililosimama imara litakufikisha mbali kuliko kubwa litakaloangushwa na swali moja.

Nichague vipi matawi na muda?

Matawi yawe yanapanda na kushuka pamoja. Toa mauzo ya mwaka mzima, mwezi kwa mwezi, uyaangalie kwa jicho. Kama Mwanza hupanda wakati Dodoma inashuka, kwa mfano kwa sababu ya vikao vya Bunge, mmoja hawezi kuwa kipimo cha mwenzake.

Muda uchukue mzunguko kamili wa mishahara, ndiyo maana ya wiki nne. Jaribio la wiki mbili linaloangukia tarehe 25 hadi 8 litafanya tangazo lolote lionekane la ajabu. Epuka Januari ya ada za shule, mwezi wa Ramadhani na siku za kuelekea Idd, pia mwanzo wa Agosti wakati wa Nane Nane ikiwa tawi mojawapo linaweka banda la maonyesho.

Kwenye Ads Manager mlenge mkoa, si nchi nzima. Mtu wa Geita au Simiyu akija kununua Mwanza hakuna tatizo, mhesabu Mwanza. Tatizo ni tangazo la Mwanza kuonekana Dodoma, au msimamizi wa Dodoma kuamua katikati ya jaribio kuweka punguzo la bei. Mweleze mapema, na umwandikie. Kwa mdomo husahaulika.

Wateja 12 si wachache mno kuthibitisha jambo?

Ni wachache, na useme hivyo kabla hujaulizwa. Mauzo ya tawi dogo hupanda na kushuka kwa bahati tu. Kuna njia mbili za kumwonyesha mkurugenzi kwamba hata hivyo uamuzi unawezekana.

Ya kwanza ni historia. Ikiwa katika miezi sita iliyopita Mwanza ilicheza kati ya wateja 55 na 64, mwezi wa 78 uko nje kabisa ya mazoea yake. Kama ingekuwa imewahi kufika 75 bila sababu, ungenyamaza na kurudia jaribio.

Ya pili mimi naiona ina nguvu zaidi: onyesha ni wangapi walihitajika ili fedha irudi. Katika mfano wetu kila mteja huacha faida ghafi ya Sh 135,000 (hesabu yake iko kwenye swali linalofuata). Sh 600,000 hurudishwa na wateja 5. Hivyo hata kama zaidi ya nusu ya wale 12 ni bahati tupu, kampuni haikupoteza. Mkurugenzi huelewa hoja ya namna hii haraka kuliko maelezo yoyote ya takwimu, kwa sababu ndivyo anavyowaza kila siku: nikikosea, nitaumia kiasi gani?

Faida ghafi ya mteja mmoja ihesabiweje?

Kaa na mhasibu, usiikadirie peke yako. Anzeni na wastani wa mauzo kwa mteja bila VAT, kwa kuwa VAT ni fedha ya serikali inayopita tu mikononi mwenu. Tuseme ni Sh 450,000. Toeni gharama ya kununulia bidhaa, usafiri hadi kwa mteja na kamisheni ya muuzaji. Zikibaki Sh 135,000, hiyo ndiyo fedha inayoweza kulipia tangazo. Kodi ya pango na mishahara ya kudumu msiitoe hapa, kwa sababu haibadiliki kwa kuongezeka wateja 12.

Ukiandika kwamba wateja 12 wameleta mauzo ya Sh 5,400,000 kwa tangazo la Sh 600,000, umesema kweli lakini umeonyesha picha isiyo sahihi. Kilichobaki kwa kampuni ni 12 × 135,000, yaani Sh 1,620,000, ukitoa tangazo Sh 1,020,000. Andika hiyo.

Upande wa gharama nao uwe kamili. Kiasi unachoomba kiwe kile kitakachotoka benki. Angalia kwenye ankara ya Meta kama kuna VAT, ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18 Tanzania Bara na asilimia 16 Kenya. Kama kadi yenu inakatwa kwa dola, weka na makato ya kubadilisha fedha. Nimeona ombi likikwama wiki nzima kwa sababu afisa aliomba kiasi cha kwenye skrini na mhasibu akakuta benki imekata zaidi.

Niombe kiasi gani?

Omba kile ambacho jaribio limekufungulia, si zaidi sana. Umejaribu Sh 600,000 Mwanza. Kuomba Sh 5,000,000 kwa ushahidi huo ni kumtaka mkurugenzi aamini kwamba bei ya mteja haitapanda, nawe mwenyewe umeshasema itapanda.

Kampuni yetu inaomba Sh 1,000,000 kwa mwezi: Sh 600,000 ziendelee Mwanza na Sh 400,000 ziende Dodoma. Dar es Salaam inabaki kama ilivyo ili iwe kipimo kipya. Inaongezwa Sh 150,000 ya posho ya mtu wa kujibu WhatsApp jioni. Jumla Sh 1,150,000 kwa mwezi, kwa miezi mitatu, yaani Sh 3,450,000.

Hiyo posho isionekane nyongeza ya anasa. Matangazo mengi hufa kwenye simu ya muuzaji. Watu huchati saa moja hadi saa nne usiku, duka limefungwa, na jibu linakuja asubuhi "samahani ndugu tulikuwa tumefunga". Kabla ya kuomba fedha, pima muda unaopita hadi jibu la kwanza, na idadi ya chati zisizojibiwa kabisa. Ikiwa chati moja kati ya tano haijibiwi leo, fedha mpya zitanunua chati nyingine za kutojibiwa, na hapo dokezo sahihi la kuandika ni la kuomba mtu, si tangazo.

Fedha ikiidhinishwa, niiongeze yote siku moja?

Hapana. Mfumo wa Meta una kipindi cha kujifunza, na mwongozo wao ni kwamba kundi la matangazo lifikishe takriban matokeo 50 ndani ya wiki moja ndipo litulie. Badiliko kubwa la bajeti au la picha hulirudisha mwanzo. Wengi katika kazi hii hupandisha bajeti kwa takriban asilimia 20 kila baada ya siku chache. Kanuni hiyo ni ya uzoefu, si sheria. La muhimu zaidi kwa matawi madogo ni kutogawanya fedha kidogo katika makundi mengi. Sh 400,000 za Dodoma zikikatwa vipande vitano, hakuna kipande kitakachofikia hiyo 50.

Naomba kuona dokezo lenyewe.

Hili hapa. Ukurasa mmoja unatosha, majedwali yaende kwenye viambatisho.

KWA: Mkurugenzi Mtendaji
KUPITIA KWA: Meneja Fedha
KUTOKA: Afisa Masoko
YAH: OMBI LA KUONGEZA BAJETI YA MATANGAZO YA MITANDAO YA KIJAMII, MWANZA NA DODOMA

Naomba idhini ya nyongeza ya Sh 1,150,000 kwa mwezi kwa miezi mitatu, jumla Sh 3,450,000 pamoja na kodi na makato ya benki. Kati ya hizo, Sh 1,000,000 kwa mwezi ni za matangazo na Sh 150,000 ni posho ya kujibu wateja jioni.

Kwa wiki nne tuliongeza Sh 600,000 tawi la Mwanza na kuliacha tawi la Dodoma bila mabadiliko. Wateja wa Mwanza walitoka 60 hadi 78. Baada ya kuondoa ongezeko la soko lililoonekana pia Dodoma, wateja 12 wametokana na fedha hizo, kwa Sh 50,000 kila mmoja. Faida ghafi kwa mteja, kama ilivyothibitishwa na Idara ya Fedha, ni Sh 135,000. Kilichobaki baada ya tangazo ni Sh 1,020,000.

Jaribio hili ni la tawi moja na la mwezi mmoja, hivyo natarajia bei ya mteja ipande tutakapopanua. Ikibaki Sh 50,000 tutapata wateja 20 wa nyongeza kwa mwezi na kubakiwa na Sh 1,550,000. Wakiwa 13, tutabakiwa na Sh 605,000. Gharama yote hurudi kwa wateja 9.

Napendekeza ukomo: mwezi wowote wateja wa nyongeza wakiwa chini ya 13, matangazo ya nyongeza yasimame mwezi unaofuata bila kusubiri idhini nyingine, nami nitaleta maelezo. Tawi la Dar es Salaam litabaki kwenye bajeti ya sasa ili litumike kulinganisha. Taarifa ya ukurasa mmoja itafika kwako na kwa Meneja Fedha kila wiki ya kwanza ya mwezi.

Naomba uamuzi kabla ya tarehe 20 ili maandalizi yawahi mishahara ya mwisho wa mwezi.

Kwa nini lipitie kwa Meneja Fedha? Si atalizuia?

Akilizuia, angelizuia tu hata kama lingefika juu kwanza, isipokuwa hapo mkurugenzi angeshuhudia. Mpelekee rasimu kabla ya hati rasmi, umwombe athibitishe Sh 135,000. Akiirekebisha iwe 120,000, rudia hesabu zote kwa 120,000. Sentensi ya "kama ilivyothibitishwa na Idara ya Fedha" ina uzito kuliko jedwali lolote utakaloambatisha.

Ule ukomo wa wateja 13 haunifungi mwenyewe?

Unakufunga, na ndiyo maana unafanya kazi. Mkurugenzi haogopi Sh 1,150,000. Anaogopa matumizi yanayoingia kwenye bajeti na kubaki humo milele bila mtu wa kuyaulizia. Ukimwonyesha mlango wa kutokea, ni rahisi kwake kuingia. Namba 13 haikuokotwa: fedha hurudi kwa 9, na nne za juu ni akiba kwa ajili ya bidhaa zitakazorudishwa na makosa ya kipimo.

Akiuliza "kwa nini tusiposti bure tu?"

Mjibu kwamba mtaendelea kuposti, lakini posti ya bure huonwa na sehemu ndogo ya wafuasi wenu, na wafuasi wenyewe kwa sehemu kubwa ni watu wanaowafahamu tayari. Chukua posti kumi za mwisho, toa wastani wa watu waliofikiwa, ugawanye kwa idadi ya wafuasi. Namba hiyo ya ukurasa wenu wenyewe inatosha.

Na mtandao ukizimwa?

Swali la haki. Mitandao ilizuiwa Tanzania wakati wa uchaguzi wa Oktoba 2020, na tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilianguka duniani kote kwa takriban saa sita. Kwenye matangazo hasara ni ndogo, kwani watu wasipoyaona huchajiwi. Hasara iko kwenye mawasiliano: wateja waliokuwa katikati ya mazungumzo mnawapoteza. Dawa yake ni lile daftari la namba za simu na risiti, ili muuzaji aweze kupiga simu ya kawaida. Ukifika mwezi wa uchaguzi, usipange jaribio lolote.

Niambatishe nini?

Jedwali la mauzo ya matawi kwa miezi sita, ankara za Meta za kipindi cha jaribio, na ukurasa mmoja wa hesabu ya faida ghafi. Usiambatishe skrinshoti za chati zenye majina na namba za wateja. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina ya mwaka 2019, na dokezo huzunguka ofisini kuliko unavyodhani. Idadi zinatosha. Mkaguzi akitaka majina, ataletewa daftari alione palepale.

Amesema "tutaangalia". Nifanyeje?

Subiri tarehe uliyoiandika kwenye dokezo, kisha umwombe kitu kidogo zaidi: mwezi mmoja wa Dodoma peke yake, Sh 400,000, Dar es Salaam ikiwa kipimo. Kiasi hicho hurudi kwa wateja 3. Usikae bila kufanya kitu huku ukingoja. Endelea kuweka lebo na namba za risiti kila siku, kwa sababu siku atakapokuita ghafla ataanza kwa kuuliza mauzo ya mwezi uliopita, na daftari lenye pengo la wiki tatu halitakusaidia.